Ndege ya kwenda mazishi Lambwe: Hama Ijumaa kwanza

Simu ya msiba haipigi hodi. Unaambiwa nyanya ameaga, mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, boma ni kule bonde la Lambwe, karibu na Mbuga ya Ruma. Kabla machozi hayajakauka, msee mmoja kwenye kundi la WhatsApp la familia anauliza: "Tunaenda na nini?"

Sisi tulikuwa wanne Nairobi, na mmoja wetu hangeweza kukaa kwenye basi usiku kucha kwa sababu ya mgongo. Tukaamua twende kwa ndege hadi Kisumu. Nikatafuta viti vinne vya Ijumaa jioni, nikaona Sh12,400 kila mtu. Kurudi Jumapili jioni, Sh11,700. Ukijumlisha ni Sh96,400, na wakati huo bili ya hospitali ilikuwa bado inatungoja.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho nataka nawe ukishike: bei ya ndege haifuati kilomita. Inafuata siku, na idadi ya viti vilivyobaki.

Shirika la ndege haliuzi viti vyote kwa bei moja. Huvigawa kwa mafungu. Fungu la kwanza ni la bei ya chini, na viti vyake vikiisha mfumo unafungua fungu la pili lenye bei ya juu, kisha la tatu. Wengi wetu huamini eti bei imepanda kwa sababu tumeitazama mara nyingi kwenye simu. Mara nyingi si hivyo. Ulipokuwa ukisubiri watu watume michango, kuna mtu amenunua vile viti vya bei nafuu.

Sasa jiulize nani hujaza ndege ya Ijumaa jioni kwenda Kisumu. Ni mimi na wewe. Mazishi mengi ya Nyanza hufanyika wikendi, hasa Jumamosi, kwa hivyo waombolezaji wa Nairobi wote huondoka Ijumaa na kurudi Jumapili jioni. Ongeza wafanyakazi wanaoenda kuona familia zao. Ndiyo maana nasema bei hiyo tunaipandisha wenyewe, kwa kung'ang'ania saa zilezile.

Nilifungua Google Flights, nikaweka Nairobi (NBO) na Kisumu (KIS), kisha nikabonyeza `Date grid`. Hilo ni jedwali linaloonyesha bei za siku tofauti za kwenda na kurudi kwa pamoja, kwa hivyo huhitaji kubahatisha siku moja moja. Alhamisi adhuhuri ilikuwa Sh6,300. Kurudi Jumatatu adhuhuri, Sh5,900. Si Jumatatu asubuhi, maana asubuhi ni ya watu wa ofisi na bei iko juu. Kwa watu wanne, jumla ikawa Sh48,800. Tulibakisha Sh47,600, na pesa hizo zilienda moja kwa moja kwenye ile bili.

Bei utakazokuta wewe zitakuwa tofauti na hizi, lakini njia ni ileile.

Kuna mtego mwingine ambao karibu utushike. Ukitafuta viti vinne kwa mpigo na fungu la chini limebaki na viti viwili tu, mfumo kwa kawaida hautakupa viwili kwa bei ya chini na viwili kwa bei ya juu. Utawapandisha wote wanne. Ile ndege ya Ijumaa ilionyesha Sh12,400 kwa kila mtu tulipotafuta wanne, lakini nilipotafuta mtu mmoja ikasema Sh9,800. Kwa hivyo anza na mtu mmoja, kisha wawili, kisha watatu. Pale bei ya kila mtu inaporuka, jua fungu limeishia hapo. Nunua tiketi hizo za chini kwanza, halafu wengine kando. Angalia tu mzigo: tiketi ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakia chini ya ndege, na ukilipia begi uwanjani unaweza kurudisha pesa zote ulizookoa.

Na viwanja vya karibu je? Wengi wataniuliza kwa nini nishuke Kisumu ilhali kuna kiwanja cha Kabunde pale Homa Bay, na Lichota kule Migori. Kwenye ramani ni karibu zaidi, kweli. Lakini hivyo ni viwanja vidogo vya ndege ndogo zenye viti vichache, kwa hivyo ushindani ni mdogo na mafungu ya bei nafuu huisha haraka. Kisumu hupata ndege kadhaa kila siku, kutoka JKIA na pia Wilson, na hapo ndipo bei hushuka.

Usilinganishe tiketi peke yake, linganisha safari nzima hadi mlangoni. Kutoka Kisumu utapanda matatu kupitia Ahero, Katito na Kendu Bay hadi Homa Bay, kisha gari lingine au boda hadi Lambwe. Hiyo ni nauli na nusu siku. Ikiwa tofauti ya tiketi ya Kabunde ni ndogo kuliko gharama hiyo, nenda Kabunde. Angalia pia Wilson (WIL) kando, kwa sababu si kila shirika dogo la pale huonekana kwenye Google Flights. Ingia kwenye tovuti yao wenyewe. Na si lazima urudi na shirika lililokupeleka. Tafuta kwenda na kurudi kama safari mbili, ujumlishe mwenyewe.

Msiba haukupi muda wa kuvizia bei, lakini Desemba inakupa. Wiki ya kuelekea Krismasi, ndege za kutoka Nairobi kwenda Kisumu ndizo ghali, kwa sababu kila mtu anaenda ushago. Baada ya Krismasi hadi shule zifunguliwe Januari, mambo yanageuka: kurudi Nairobi ndiko ghali. Ukijua likizo yako mapema, tuseme Oktoba, bonyeza `Track prices` kwenye safari yako. Utapata barua pepe bei ikibadilika. Ila arifa haikushikii kiti. Inakuambia tu bei imeshabadilika, na ukilala nayo hadi jioni unaweza kukuta fungu limeisha. Amua mapema bei ambayo utainunua bila kuuliza mtu.

Najua si kila mwajiri atakupa Alhamisi na Jumatatu. Kama umenyimwa ruhusa na Ijumaa imefika Sh12,400, basi la usiku bado ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Hakuna aibu.

Ila kamati za mazishi zina kazi ya kufanya hapa. Tangazeni siku ya mazishi mapema na msiihamishe. Kisha mchague mtu mmoja anunue tiketi siku hiyohiyo, arudishiwe michango ikiingia. Sisi tulipoteza siku mbili tukisubiri doo za M-Pesa, na ile Alhamisi ya Sh6,300, nilipoitazama mara ya kwanza, ilikuwa Sh5,200.