Bei Haijui Mstari Wako

Vijana wanaocheza hisa na sarafu kwa simu, kuanzia Nairobi hadi Mtito Andei, wamefundishwa kwamba sapoti na rezistansi ni mistari. Unatafuta mahali bei ilipogeuka, unachora mstari mmoja mwembamba, kisha unasubiri. Bei ikivuka kwa senti tano unatangaza kwamba umevunjika. Ikigeuka kabla ya kuufikia unalalamika kwamba soko limekuhadaa. Imani hii ni potofu, na ushahidi umo katika hisa ambayo Wakenya wengi wanaijua kuliko nyingine yoyote.

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na tarehe 9 Juni zikaanza kuuzwa sokoni. Zilipanda mwanzoni, kisha zikashuka chini ya bei ya toleo. Kwa miaka iliyofuata, shilingi 5 ikawa rezistansi ambayo hata asiyejua chati aliweza kuitaja, kwa kuwa mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakisubiri kurudisha pesa zao na kuondoka. Kwa mwenye mstari, hesabu inaishia hapo: ukuta uko kwenye 5 kamili.

Lakini hebu tuulize kila muuzaji alihitaji shilingi ngapi ili asipate hasara. Aliyelipa kwa akiba yake hakuhitaji 5 tu, kwa sababu dalali hukata ada wakati wa kuuza. Ada ya takriban asilimia 2 inampeleka kwenye 5.10. Aliyekopa benki alikuwa na hesabu nzito zaidi. Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, na wananchi wa kawaida wakagawiwa karibu asilimia 21 tu ya walizoomba. Tuseme mtu alikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na pesa zisizotumika zikarudishwa baada ya miezi miwili. Riba ni shilingi 2,500, lakini ameambulia hisa 4,200 pekee. Kila hisa inabeba senti 60 za riba, na ukiongeza ada ya kuuza, mtu huyu hafuti hasara hadi bei ifike karibu 5.70. Kwa upande mwingine yuko aliyechoka, akaweka agizo la kuuza kwa 4.90 ili awatangulie wenzake. Wauzaji hao wote ni wa toleo moja, lakini bei wanazosubiri zimetawanyika katika ukanda wa kuanzia 4.90 hadi 5.70, si kwenye mstari mmoja. Ni kama magari ya Nairobi na Mombasa yanavyosimama Mtito Andei: yote yanapumzika hapo, ila yametapakaa kando ya barabara, hili hotelini, lile kwenye kituo cha mafuta.

Ndivyo ilivyokwenda. Mwaka 2010 bei ilivuka shilingi 5, na mwenye mstari angenunua akiamini ukuta umeanguka. Mwaka 2011 ilirudi hadi karibu shilingi 3. Mwenye ukanda wa 4.90 hadi 5.70 angeona kwamba bei imeingia tu katikati ya wauzaji, haijawamaliza, naye angesubiri ifunge wiki juu ya ukingo wa juu. Kufikia mwisho wa 2013 ilikuwa imepita shilingi 10, kwa hiyo aliyesubiri hakukosa safari. Tena, bei ya kufunga katika Soko la Hisa la Nairobi ni wastani wa biashara za siku. Kuchora mstari wa senti kamili juu ya wastani ni kujidai usahihi ambao namba yenyewe haina.

Watetezi wa mstari wana hoja moja nzito: maagizo hurundikana kwenye namba nzima. Ni kweli. Mwanauchumi Carol Osler, katika utafiti wake wa 2003 kuhusu maagizo ya sarafu, alionyesha kwamba maagizo ya kuchukua faida hukusanyika kwenye namba nzima zenyewe. Lakini alionyesha pia kwamba yale ya kukata hasara hukusanyika ng'ambo kidogo ya namba hizo. Hata penye namba nzima, basi, kuna kingo mbili.

Hoja ya pili ni kwamba ukanda ni kichaka cha kujifichia: upanue vya kutosha na hutakosea kamwe. Hatari hiyo ipo, na wengi huangukia humo. Dawa yake ni kupima kabla ya biashara. Anza na chati ya wiki, weka ukingo mmoja pale miili ya mishumaa ilipofungia na mwingine kwenye ncha za tambi zake, kisha usiuguse tena. Ukanda ukila theluthi ya nafasi iliyobaki hadi ukanda unaofuata, hakuna biashara hapo. Na agizo la kukata hasara, ambalo lazima liwe bei moja, liwekwe nje ya ukingo wa mbali, huku ukipunguza idadi ya hisa ili hasara isizidi uliyopanga. Kama huwezi kumudu umbali huo, biashara hiyo ni kubwa kuliko mfuko wako, na mstari mwembamba hautaifanya iwe ndogo.