Kable ya HDMI: namba "2.1" haitoshi kutulipisha dola 25

Wandugu, tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Kwenye chumba chetu cha mikutano hapa Kolwezi tuliweka televizyo ya 4K ukutani, kusudi tuonyeshe picha za usalama wa kazi kutoka kwa ordinatere na jioni tuangalie mpira. Meza ya ordinatere iko mbali, karibu mita 10. Tukaenda mjini kutafuta kable. Muuzaji akatutolea moja kwenye karatoni nzuri, imeandikwa kwa herufi kubwa "HDMI 2.1" na "8K". Akasema: "Papa, hii ni namba ya mwisho, hakuna ya kuipita." Tukalipa dola 25. Ile ya kawaida pembeni yake ilikuwa ya dola 6.

Kufika, picha ikatokea. Wote tukapiga makofi. Lakini tulipogusa ile suri ya ordinatere, mshale ukawa unaruka-ruka kama mtu mwenye homa, na video za mashini zinazotembea zikakatika-katika. Tuliona aibu kusema kitu, juu feza ya wote ilikuwa imekwisha kutoka.

Sasa tunajua, na tunataka kila nyumba ya mchimba madini ijue: kable haina namba ya versyo. Namba 1.4, 2.0, 2.1 ni za kanuni ambazo watengenezaji wa televizyo na mashini zingine wanafuata. Wenye HDMI wenyewe wanakataza kuandika namba hizo kwenye kable. Kable inapimwa kwa nguvu yake ya kubeba, sawa na mkanda unaopeleka mawe kwenye konkaseri. Hauulizi mkanda ni wa kanuni ya mwaka gani, unauliza unabeba tani ngapi kwa saa.

Majina ya kweli ya kable ni machache. High Speed inabeba gigabiti 10 na kidogo kwa sekunde. Premium High Speed inabeba 18. Ultra High Speed inabeba 48. Sasa angalia mzigo. Picha ya 1080 ambayo dekoderi nyingi za kwetu zinatoa haifiki hata gigabiti 5. Picha ya 4K inayobadilika mara 30 kwa sekunde, ndiyo 30 Hz, inaomba karibu 9. Ile 4K ya 60 Hz yenye rangi kamili inaomba karibu 18. Kwa hiyo mama anayeangalia tamthilia kwa dekoderi ya kawaida, hata kable ya dola 6 ikiwa nzima inamtosha, na ile ya dola 25 haitamwongezea uzuri wowote. Hii si kama waya ya antena ya zamani ambapo picha ilikuwa inafifia kidogo kidogo. Hapa kable ikibeba, picha ni ileile. Ikishindwa, unaona: vidoti vyeupe vinameta-meta, kiyoo kinazima sekunde mbili na kurudi, ao hakuna picha kabisa.

Shida ni kwamba kushindwa kwingine hakuonekani. Kijana wa mwenzetu mmoja, anayetengeneza ordinatere, ndiye alitufungua macho. Alifungua Paramètres, kisha Système, kisha Affichage, akashuka mpaka Affichage avancé. Pale kumeandikwa kile ambacho kinatoka kweli kwenda kwa televizyo. Tukasoma: 3840 x 2160, ndiyo 4K, lakini 30 Hz tu. Mshale unaruka juu ya hiyo. Na 60 Hz haikuwa hata kwenye liste ya kuchagua.

Tukataka kurudi dukani palepale na hasira. Kijana akasema: "Ngojeni kwanza wazee, musimwonee bure." Alitoa kable yake fupi ya mita 2, ya Premium High Speed, akaiweka mahali pa ile ndefu. Bado 30 Hz! Basi kosa la kwanza halikuwa la kable. Televizyo nyingi zinatoka fakitire na tundu za HDMI zimefungiwa nusu nguvu. Unapaswa kuingia kwenye mipango ya televizyo na kufungulia lile tundu unalotumia. Kwa Samsung inaitwa Input Signal Plus, kwa LG ni HDMI Deep Colour, zingine zina jina lao. Na ordinatere nayo lazima iwe na uwezo wa kutoa 4K ya 60 Hz, kama sivyo hakuna kable itakayokusaidia.

Tulipofungulia tundu, 60 Hz ikatokea kwenye liste. Kwa kable fupi ya kijana: imara, mshale unateleza kama mafuta. Tukasoma pia mstari wa rangi, ukasema RGB. Huo mstari ni wa muhimu. Kama pale panaandikwa YCbCr420, ujue rangi imepunguzwa na mzigo umerudi karibu gigabiti 9, hata kama Hz ni 60. Muuzaji mjanja anaweza kukuonyesha "60 Hz, si unaona?" na kable yake ni dhaifu. Maandishi madogo ya rangi nyekundu yanakuwa na ukungu pembeni, hapo ndipo utaitambua.

Kisha tukarudisha ile ndefu ya "2.1". Tukachagua 60 Hz na RGB. Kiyoo kikazima, kikarudi na vidoti vyeupe, kikazima tena. Tukaiacha nusu saa, maana kable ingine inakubali dakika tano za kwanza halafu inaanza kukohoa. Yetu haikungoja hata dakika moja. Televizyo ile, tundu lile, ordinatere ile, kitu kimoja tu kimebadilika. Hapo hukumu imekatwa bila ubishi.

Na urefu ndio ulipaswa kutushitua tangu dukani. Kable ya shaba tupu kubeba gigabiti 48 kwa mita 10 ni jambo la kutilia mashaka sana, kwa kawaida ni mita chache tu, 3 mpaka 5. Kwa mbali zaidi kuna kable zenye nyuzi za mwanga ndani, na bei yake ni ingine kabisa.

Mbele ya kulipa kuna jambo moja la kufanya ukiwa na simu na megabaiti kidogo. Kable ya kweli ya Premium ao Ultra iko na etiketi kwenye karatoni, yenye alama inayobadilika-badilika ukiigeuza kwenye mwanga, pamoja na QR. Usiisome QR kwa kamera ya kawaida, maana kila mtu anaweza kuchapa QR. Weka kwa simu aplikasyo inayoitwa HDMI Cable Certification, isome nayo. Itakuambia jina la chapa, modele na urefu uliopimwa. Linganisha na kable iliyo mkononi. Kwenye ngozi ya kable yenyewe pia paandikwe Ultra High Speed HDMI Cable. Kama kuna paka "2.1 8K" bila hayo, unanunua karatoni.

Tulirudi dukani. Muuzaji alitusikiliza kwa heshima, kisha akaonyesha fakitire yetu ya malipo: imeandikwa "kable HDMI 1", basi. Hakuna tulichoweza kudai. Tunaona wauzaji wa mjini wanapaswa kukubali kable ipimwe mbele ya mteja, na sisi wateja tukatae kutoa feza mpaka karatasi iandikwe "4K, 60 Hz, RGB, mita 10, ikishindwa inarudi". Kable yetu ya dola 25 sasa imefungwa kwa dekoderi, inabeba 1080 bila kosa.