Skrinshoti Imefutika, Kesi Haijafutika! Acheni Kumdanganya Huyu Dada

Wadau, kuna stori inatembea kuanzia Katesh mpaka Mbulu mjini. Majina leo ni kapuni. MC mmoja wa maharusi, mnamjua nyie wenyewe, anadaiwa kumtumia dada wa duka la vipodozi SMS za kumtishia maisha. Dada akapiga skrinshoti, akawaonyesha mashoga zake wawili. Wakamwambia "futa, hiyo ni nuksi." Akafuta picha, akafuta na SMS. Sasa walewale waliomshauri afute ndio wanamwambia hana ushahidi, atulie.

Na kuna kaka mmoja mjuaji kamwambia atengeneze skrinshoti nyingine kwa app, "si maneno ni yaleyale?" Kaka, wewe ndo unaiua kesi! Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie kama ujumbe umehifadhiwa bila kuchezewa na mtumaji amejulikanaje. Picha moja feki ikigundulika, hata yale ya kweli atakayosema hayataaminika.

Cha kwanza, afungue galari aangalie sehemu ya vilivyofutwa, kwenye simu inaandikwa Trash au Recently Deleted. Simu nyingi zinatunza picha humo kama siku 30. Kama alimrushia shoga yake hiyo picha, bado ipo kwa huyo shoga, na yeye asiifute.

Tuseme haipo kabisa. Basi achukue daftari leo leo, sio wiki ijayo, aandike namba kamili ya mtumaji. Namba, jamani, sio jina alilomsevu. Skrinshoti nyingi mnazonionyesha juu zimeandikwa "Mshenzi 2", sasa polisi wamtafute Mshenzi 2 wapi?

Halafu muda, na hapa watu wengi wanachemka. Simu inasema 22:14, wewe unaandika "saa 4:14", anayesoma anajua ni asubuhi. Andika 22:14, halafu pembeni saa nne na dakika kumi na nne usiku. SMS ya saa saba usiku wa kuamkia Jumatano ni 01:00 na tarehe ni ya Jumatano, hata kama wewe unaiita usiku wa Jumanne. WhatsApp nayo ina mtego wake, inaandika "Leo" juu ya meseji, na skrinshoti itabaki na hiyo "Leo" miaka yote. Tarehe andika mwenyewe.

Kwa nini nakazania muda? Kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumuagiza mwenye data azitoe. Kwa SMS ya kawaida, namba na dakika ndivyo vinavyolinganishwa na kumbukumbu za mtandao wa simu. WhatsApp ni tofauti, kampuni ya simu haina meseji zake, kwa hiyo simu yako ndiyo ushahidi. Usiiuze wala usiifleshi.

Maneno yaandikwe kama yalivyokuja. Kama aliandika "ntakumalixa" acha na hiyo x yake. Kama ni Kiiraqw au Kibarbaig, andika hivyohivyo kwanza, tafsiri iende chini. Asichokumbuka vizuri aseme "maneno kama haya", asipambe. Na wale mashoga wawili waliosoma SMS, hata kama ndio walioshauri vibaya, ni mashahidi. Waandikwe majina.

Sasa apeleke wapi? Sio Insta. Sio kwa 15040, hiyo ni ya namba za matapeli. Aende kituo cha polisi na simu yake, Katesh kama yuko Hanang, Mbulu mjini kama yuko huko. Kama mtishaji ni mpenzi au mume, au aliyetishwa ni mtoto, aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Aseme anataka kufungua taarifa ya vitisho kwa njia ya mtandao, asomewe maelezo yake kabla ya kusaini, na asitoke bila namba ya RB. Akizungushwa, amuone mkuu wa kituo, kisha OCD wa wilaya. Ofisi ya polisi mkoa iko Babati. Kama MC yuko njiani anakuja dukani, mambo ya daftari baadaye, apige 112.

Na wewe MC unayesema "ni maneno tu", kifungu cha 23 cha hiyo sheria ya makosa ya mtandao kinasema kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha mtu ni faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Hakuna sehemu imeandikwa "isipokuwa skrinshoti ikifutika." Dada ana namba yako, ana dakika, ana mashahidi wawili.