Jibu Halijakamilika Bila Sentensi

Mpwa wangu anayesomea uhasibu aliniletea juzi karatasi ya majaribio ya uchumi iliyokwisha kusahihishwa. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi, lakini kila penye swali "fafanua jibu lako" alama zilikuwa zimekatwa. Tukaketi ukumbini na mitihani ya miaka iliyopita, tukatunga maswali mawili ya namna hiyo hiyo.

La kwanza lilihusu unyumbufu wa mahitaji, yaani kipimo cha jinsi wanunuzi wanavyoitikia bei inapobadilika. Mama mmoja huuza mahamri 100 kwa siku, kila moja shilingi 10. Alipopandisha bei hadi shilingi 12, akauza 70. Bei imepanda shilingi 2 juu ya 10, yaani asilimia 20. Mauzo yamepungua mahamri 30 katika 100, yaani asilimia 30. Badiliko la mauzo hugawanywa kwa badiliko la bei: −30 kwa 20, jibu ni −1.5.

Mpwa wangu aliandika, "Mahitaji yamepungua kwa 1.5." Hapo ndipo alipoteleza. Kipimo hiki si mahamri wala si shilingi. Maana yake ni kwamba, kati ya bei hizo mbili, kila asilimia 1 ya bei iliyoongezeka iliondoa takriban asilimia 1.5 ya mauzo. Alama ya kutoa yaonyesha tu kwamba bei na mauzo vimekwenda njia tofauti. Na kwa kuwa 1.5 imezidi 1, wanunuzi wamepungua kwa kasi kuliko bei ilivyopanda, hivyo fedha za mauzo lazima zishuke. Ukitaka kuhakikisha, zidisha: zamani 100 kwa 10 ni shilingi 1,000, sasa 70 kwa 12 ni shilingi 840.

"Basi mama huyo amepata hasara," akasema. La, hilo swali halikutuambia. Tuseme kila hamri humgharimu shilingi 7 za unga, nazi, mafuta na mkaa. Zamani alibakiwa na shilingi 3 kwa kila moja, jumla 300. Sasa abakiwa na 5 kwa kila moja, na kwa mahamri 70 ni 350. Mauzo yameshuka, lakini faida imepanda. Unyumbufu huzungumzia fedha zinazoingia. Faida haijulikani mpaka gharama zijulikane. Mwanafunzi asiandike kuliko takwimu zake zinavyosema.

Swali la pili lilikuwa la pato la taifa. Katika nchi ya mfano, kwa mabilioni ya shilingi, matumizi ya kaya ni 800, uwekezaji 200, matumizi ya serikali 150, bidhaa zilizouzwa nje 120, na zilizoagizwa kutoka nje 170. Jumlisha nne za kwanza, kisha toa 170. Twatoa kwa sababu bidhaa hizo za kigeni tayari zimo ndani ya matumizi, ilhali hazikuzalishwa nchini. Jibu ni bilioni 1,100, nalo ndilo pato la ndani: thamani ya yote yaliyozalishwa katika mipaka ya nchi kwa mwaka mmoja.

Kisha tukapewa mapato halisi ya vitega uchumi na kazi kutoka nje kuwa −30. Maana yake, wageni wamechuma humo bilioni 30 zaidi ya zile ambazo wakaazi wa nchi wamechuma ng'ambo. Pato la taifa basi ni bilioni 1,070. Hapa wengi wetu hujikwaa, kwa kuwa twadhani fedha anazotuma binti aliyehamia Ghuba kwa miaka zimo katika hesabu hiyo. Hazimo. Yeye huhesabiwa mkaazi wa huko, na anachomtumia mamake ni uhamisho wa fedha, hata kama ndicho kinacholisha nyumba nzima.

Watu wakiwa milioni 5, pato kwa kila mtu ni shilingi 214,000 kwa mwaka. Mpwa wangu alitaka kuandika, "Kila mwananchi anapata shilingi 214,000." Nikamwuliza, mtoto mchanga naye anapata? Akacheka, akafuta. Hiyo ni wastani: kiasi ambacho kila mmoja angepata lau pato lote lingegawanywa sawasawa. Haisemi nani amepata nyingi na nani amelala njaa. Wala haihesabu kazi ya mama anayepikia watu wake bila malipo, ingawa mahamri yale yale akiyauza, yahesabiwa.

Kabla ya kuondoka, aliandika upya majibu yake yote. Chini ya kila tarakimu aliweka sentensi mbili: ya kwanza ikieleza imepima nini, ya pili ikieleza haikupima nini.