Mkopo wa asilimia 10 hauna riba, ila una bei yake

Wafanyabiashara wenzangu, nimesoma mengi humu kuhusu mkopo wa halmashauri. Wengi mnauliza unapatikanaje, na mimi naona swali kubwa ni nini kinawafanya watu waupate mara moja halafu wasiupate tena. Yametukuta, ndiyo maana naandika.

Kwa asiyejua: hapa Tanzania kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi. Wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Haina riba. Mwaka 2023 serikali iliisitisha kwa sababu kulikuwa na vikundi hewa na hela ambazo hazikurudi, ikarejea 2024 na utaratibu mpya. Kwa hiyo ukiona siku hizi ukaguzi umekaza, usishangae.

Tofauti na mkopo wa biashara iko hivi. Tuseme mnachukua milioni 6 kwa miezi 12. Taasisi inayotoza asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo wote itachukua 180,000 kila mwezi kama riba, yaani 2,160,000 kwa mwaka. Mtarejesha 8,160,000. Halmashauri mtairudishia milioni 6 ileile. Hizo milioni 2 na ushee zinabaki kwenu.

Sasa bei yake. Kwanza ni muda: maombi yanapita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mnatembelewa, yanapanda halmashauri, na hela inatoka kadiri makusanyo yalivyo. Kama unataka mzigo wa sikukuu wiki ijayo, huo siyo mkopo wako. Lakini pia usikimbilie kausha damu ukitegemea kuja kuilipa na hela ya halmashauri. Utaumia.

Bei ya pili ndiyo iliyotukuta. Benki ikikukopesha inaangalia hati, gari au mshahara wako. Halmashauri inaangalia kikundi. Mkataba ni wa kikundi, na deni ni la kikundi.

Sisi tulikuwa wanawake watano, tumeandika andiko la kutengeneza sabuni ya maji. Milioni 6 ilipoingia kwenye akaunti, mmoja akasema, "Jamani, kila mtu achukue 1,200,000 yake akazungushe kwenye biashara yake, sabuni tutaanza baadaye." Tukakubali wote. Mimi nikaongeza mzigo wa vitenge.

Marejesho yalikuwa 500,000 kwa mwezi, laki moja kila mtu. Miezi mitano tukaenda vizuri. Mwezi wa sita mmoja akauguliwa na mtoto, mtaji ukaishia hospitali. Mwingine akahamia mkoa mwingine, simu haipatikani. Tukabaki watatu tunapeleka laki tatu, na kila mwezi deni linachelewa kwa laki mbili. Mwezi wa 12 ulipofika tulikuwa bado tunadaiwa 1,400,000. Tulimaliza mwezi wa 17.

Tukaomba tena. Dada wa maendeleo ya jamii akaja, swali lake la kwanza: "Mradi wa sabuni uko wapi?" Hatukuwa na hata pipa la kumwonyesha. Kuchelewa tungeweza kukueleza, yule mtoto aliugua kweli. Lakini mradi ambao haupo hauelezeki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: msigawane hela. Mkigawana, mnakuwa na mikopo mitano midogo isiyo na dhamana chini ya jina moja. Mradi ukiwa mmoja, mmoja akiyumba, mauzo bado yanaingia na rejesho linatoka humo kabla hamjagawana faida.

Siku hizi tuko watano tena, tunasaga unga wa lishe. Mzigo unakaa sehemu moja, mauzo yote yanapita kwenye akaunti ya kikundi. Risiti za marejesho tunabandika kwenye daftari, mihtasari ya vikao ina tarehe na sahihi. Mwanachama akiondoka tunaandika kwenye muhtasari na tunapeleka taarifa kata mapema, hatusubiri aje kuulizwa hayupo. Mwezi ukiwa mbaya, tunakwenda kueleza kabla ya tarehe ya rejesho.

Na kama hamna biashara ambayo mnaweza kuifanya pamoja kweli, ni bora msiunde kikundi kwa ajili ya hela. Kakope peke yako kidogo, hata kwa riba, deni lako ulijue mwenyewe.

Nyie kwenye vikundi vyenu mligawana au mliendesha mradi mmoja? Semeni ukweli, wengine wajifunze.