Taa ya Urujuanimno Haitoshi kwa Maji ya Tope

Wakati wa masika, mto Pangani hubeba udongo mwingi. Maji hayo yakipitishwa moja kwa moja katika kifaa cha nyumbani cha mionzi ya urujuanimno, taa itawaka, lakini mnywaji hatakuwa salama. Mionzi hiyo huharibu vinasaba vya bakteria, virusi na vimelea, visiweze tena kuzaliana. Hata kriptosporidi, kimelea kinachostahimili klorini, hudhibitiwa. Hata hivyo, mionzi hiyo ni mwanga, na kila chembe ya udongo ni kivuli ambamo kijidudu hujificha.

Kwa hiyo maji hayana budi kutuama usiku kucha. Ya juu yamiminwe taratibu, kisha yapite katika chujio la mikroni 5 kabla ya kuifikia taa. Yakionekana bado na ukungu ndani ya glasi, yachemshwe.

Karibu na mlango wa mto, maji ya bahari hupanda na kuchanganyika na ya mto. Chumvi hiyo haiondolewi na taa wala na moto. Aidha, mionzi haiachi kinga yoyote ndani ya maji: yakiwekwa katika mtungi mchafu, huchafuka upya. Taa nayo hupungua nguvu ilhali ingali inawaka, ndiyo sababu hubadilishwa takriban kila mwaka.

Mgonjwa wa kuhara akimuuliza mhudumu wa afya kama anunue kifaa hicho, swali la kwanza la kumrudishia ni hili: maji yake yakiwa katika glasi, yanaonekanaje? Yakiwa ya tope, chujio litangulie kununuliwa.