Watoto Wanapokuwa na Nyumba Mbili

Dada mmoja wa ushirika wetu hapa Morogoro alitengana na mumewe, aliyehamia Dodoma. Binti yao alikuwa na miaka tisa, mdogo wake minne. Walipatana kwa mdomo tu kwamba watoto watakwenda kwa baba wakati wa likizo. Likizo ipi? Hawakusema. Desemba ilipofika kila mmoja aliwasubiri kwake, na binti akashinda sebuleni na begi lake, hajui anakwenda wapi.

Ndipo walipokaa mbele ya afisa ustawi wa jamii, wakaandika na kutia sahihi. Mtoto wa miaka minne mwezi kwake ni mrefu mno, kwa hiyo baba alikuja Morogoro kila baada ya Jumamosi mbili, akawa na mdogo tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya miezi mitatu ndipo alipoanza kulala kwa baba usiku mmoja. Akikojoa kitandani akirudi, msikimbilie kusema amelishwa maneno. Mara nyingi ni mabadiliko tu, naye hutulia ratiba isipovurugwa.

Binti alikwenda Dodoma likizo ya Juni. Krismasi waligawana: mwaka wa shufwa kwa mama, wa witiri kwa baba, kisha wanabadilishana tarehe 27. Walirudi siku tano kabla ya shule kufunguliwa, maana sare na madaftari havinunuliwi usiku wa Jumapili. Baba alilipa ada, mama sare na nauli. Shule ikapewa simu za wote wawili, na hakuna kumhamisha mtoto bila mwenzake kukubali kwa maandishi.

Sasa jambo linalogombanisha wengi: mtoto akitimiza miaka saba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, lakini hilo laweza kupingwa mahakamani. Wala haisemi kwamba siku ya kutimiza saba baba anakuja kumchukua. Mahakama huangalia kwanza manufaa ya mtoto, na husikiliza matakwa yake akiwa na umri wa kujieleza. Wakishindwa kupatana, ndiko waende, na hata amri iliyokwisha kutolewa yaweza kubadilishwa.

Hawa wawili hukutana kila Novemba. Mdogo alipoanza darasa la kwanza, Jumamosi zilibaki, ila usiku ukawa mbili. Binti alipofika miaka kumi na miwili, aliomba asikose mazoezi ya kwaya. Wakapunguza safari zake, wakaongeza wiki ya Juni. Waliulizana pia nani atamwekea pedi nyumbani kwa baba. Shangazi alikubali.

Ila palipo na kipigo, msikutane wenyewe kupanga. Nendeni kwanza dawati la jinsia na watoto, kituo cha polisi.